Kugawanya kwa kiwango cha mibofyo hakuondoi upendeleo wa nafasi

Kuna sentensi nimechoka kuisikia kwenye vikao vya watu wa data hapa Dar: "Upendeleo wa nafasi tulishaumaliza, tunagawanya mibofyo kwa kiwango cha mibofyo cha kila nafasi." Upendeleo huo ni kwamba kitu kilichopangwa juu kwenye matokeo ya utafutaji hubofywa zaidi kwa sababu tu kiko juu, hata kama si bora. Msemaji anaonyesha grafu inayoteremka vizuri kutoka nafasi ya kwanza hadi ya ishirini, watu wanatikisa vichwa, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya seva. Jamani, hamjaumaliza. Mmefuta sehemu ya mlichokuwa mnakijua kuhusu bidhaa zenu wenyewe.

(Wale wa "data ikiwa nyingi itajirekebisha" sina muda nao leo. Mibofyo milioni iliyopinda upande mmoja inakupa jibu lilelile lililopinda, ila sasa unaliamini zaidi.)

Ili mtu abofye kitu, lazima kwanza akione, kisha aone kinamfaa. Modeli ya kawaida inazidisha hayo mawili:

```
P(C=1 | k, d) = θ_k · γ_d
```

Hapo C=1 maana yake kimebofywa, θ ni uwezekano wa kuonwa kwenye nafasi k, na γ ni kufaa kwa bidhaa d kwa utafutaji huo. Kwamba θ ina nguvu halibishaniwi tena. Mwaka 2005 Joachims na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walifuatilia macho ya watu wakitumia Google, na baadhi yao waliletewa matokeo mawili ya juu yakiwa yamebadilishana nafasi bila kuambiwa. Tokeo la pili lililopandishwa juu bado lilipata mibofyo mingi kuliko lile bora lililoshushwa. Mwaka 2017 Joachims, Swaminathan na Schnabel wakaonyesha dawa: wakati wa kufundisha modeli ya kupanga matokeo, kila mbofyo upewe uzito wa 1/θ. Mbofyo uliotoka mahali ambapo wachache hufika unahesabiwa zaidi. Mpaka hapo tunakubaliana sote.

Ugomvi wangu ni mahali mnapoitoa hiyo θ.

Kiwango cha mibofyo cha nafasi ya tatu si θ ya nafasi ya tatu. Ni θ ikizidishwa na wastani wa kufaa wa bidhaa zilizokuwa zikiwekwa pale. Na nani alikuwa anaziweka? Mfumo wenu wa zamani, ambao hata uwe dhaifu vipi, haukuwa unarusha kete. Ulipeleka vizuri juu na vibovu chini. Fikirieni Kariakoo: fremu inayotazama Mtaa wa Msimbazi inauza kuliko chumba cha ghorofa ya tatu, lakini kodi ya fremu ile inalipwa na mfanyabiashara ambaye tayari ana mtaji na mzigo mzuri. Ukilinganisha mauzo ya wawili hao, hujapima thamani ya mlango. Umepima mlango na mwenye duka kwa pamoja. Ukitaka thamani ya mlango peke yake, wabadilishane vyumba.

Tufanye hesabu, kwa namba nilizozichagua ziwe nyepesi. Duka la mtandaoni la vifaa vya nyumbani, logi za utafutaji wote: nafasi ya kwanza inabofywa mara 30 katika kila 100, nafasi ya tatu mara 6. Mzee wa grafu anagawanya 6 kwa 30, anapata 0.2, na kila mbofyo wa nafasi ya tatu anaupa uzito wa 5.

Sasa badilisheni. Katika sehemu ndogo ya utafutaji, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kilichopangwa cha kwanza kiende cha tatu na cha tatu kiende cha kwanza. Vingine visiguswe. Tuseme vile vilivyozoea nafasi ya tatu, vikiwa juu, vinapata 12 badala ya 6. Vile vya juu, vikishushwa, vinapata 15 badala ya 30. Pande zote mbili zinatoa jibu moja: kushuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu kunakata uonekano nusu. Nafasi ya kwanza ikihesabiwa 1, θ ya nafasi ya tatu ni 0.5 na uzito sahihi ni 2. Ile tofauti iliyobaki, 30 dhidi ya 12, haikuwa upendeleo wowote. Ni ubora wa kweli wa bidhaa, na mzee wa grafu ameusahihisha nao ukaisha.

Angalieni madhara yake. Kwa uzito wa 5, bidhaa ya kawaida ya nafasi ya tatu inapata 6 × 5 = 30, sawasawa kabisa na ya kwanza. Si ajali: ukigawanya kwa wastani wa nafasi, nafasi zote zitalingana kwa wastani, kila mara, kwa data yoyote ile. Kwa uzito wa 2 inapata 12, na mfumo unabaki ukijua kwamba ni dhaifu. Chukueni sasa mtu anayetafuta "feni". Feni ya juu ina 30, na feni moja ya nafasi ya tatu ina 18. Mibofyo mibichi inasema ya juu ni bora. Uzito wa 2 unaipa ya tatu 36, kwa hiyo inastahili kupanda, kwa kiasi. Uzito wa 5 unaipa 90, na modeli itajifunza kuipenda feni hiyo kuliko kitu chochote dukani.

Zile pande mbili za ubadilishaji ndizo kipimo changu cha kwanza, na hapa ndipo mimi mwenyewe hupoteza usingizi. Mara nyingine hazikubaliani: vya juu vinapungua kwa nusu, lakini vibovu vikipandishwa vinaongezeka zaidi ya mara mbili. Hapo ile fomula ya kuzidisha imeshavunjika. Watu hawajaona tu, wameamini. Wanabofya cha kwanza kwa sababu ni cha kwanza, hata kama hakiwafai. Zipo modeli za kuhesabu imani hiyo, Agarwal na wenzake walitoa moja mwaka 2019, lakini vigezo vinaongezeka na data ya ubadilishaji ni ileile kidogo. Sijui mtu aliyelimaliza tatizo hili vizuri kwenye duka dogo.

Kipimo cha pili ni simu. Kwenye simu ndogo kibodi ikiwa wazi, bidhaa ya tatu haipo kwenye kioo kabisa. Kwenye kompyuta iko palepale mbele ya macho. Kukadiria θ moja kwa vifaa vyote ni kuandika wastani wa watu wawili ambao hawafanani.

Halafu kuna mbofyo mmoja wa nafasi ya thelathini unaokuja na uzito wa 50, pengine mtoto alikuwa anachezea simu ya mama yake. Tunaweka kikomo:

```python
w = min(1 / theta[k], 10)
```

Kikomo hicho kinarudisha upendeleo kidogo ili kupunguza kuyumba. Kwa nini 10 na si 20? Mimi hujaribu kadhaa nikaangalia kipi hakiyumbi wiki hadi wiki. Sina nadharia ya kuwaonyesha.

Najua bosi atagoma: "Unataka kushusha bidhaa bora kwa makusudi?" Mwambieni mtabadilisha majirani tu, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, kisha mtazidisha uwiano kwa mnyororo, hasara ni ndogo sana. Akigoma bado, chimbeni logi za zamani. Kama mliwahi kuendesha mifumo miwili ya kupanga kwa wakati mmoja, wateja wakigawiwa kwa bahati nasibu, basi kuna feni ileile, kwa utafutaji uleule, iliyokaa ya kwanza kwa mfumo mmoja na ya tatu kwa mwingine. Ubadilishaji mnao tayari. Hakikisheni tu kwamba logi zilihifadhi jina la mfumo uliopanga kila ukurasa, maana safu hiyo ndiyo watu hufuta kwanza diski ikijaa.