Faida milioni 6, hela ya karanga hakuna

Wateja wangu wenye viwanda vidogo wana swali moja wanaloniuliza kuliko mengine yote: "Mhasibu, hii faida uliyoniandikia iko wapi?" Swali hilo haliji sana biashara inapodorora. Huja pale mauzo yanapopanda na oda za uhakika zinapoanza kuingia, halafu mwenye biashara anakosa hela ya kununulia malighafi. Nitalijibu kwa mfano wa karakana ya siagi ya karanga hapa Dar es Salaam. Tarakimu nimezilainisha ili hesabu ifuatike kirahisi.

Mama mwenye karakana anauza kopo la gramu 400 kwa shilingi 5,000. Karanga, kopo lenyewe na lebo humgharimu 3,000. Kwa mwezi anauza makopo 1,500 kwenye maduka ya mtaani, kwa hiyo mauzo yake ni milioni 7.5 na malighafi ni milioni 4.5. Pango, umeme na mishahara ni milioni 2. Faida inayobaki ni milioni 1 kila mwezi, na kwa kuwa akina mangi wanamlipa palepale anaposhusha mzigo, milioni hiyo anaiona kwenye simu na benki. Ameweka akiba ya milioni 6.

Kwenye biashara ya namna hii, mauzo, faida na fedha mkononi hutembea pamoja, na ndiyo maana watu wengi hufanya kazi miaka bila kuona sababu ya kuvitenganisha. Mauzo ni thamani ya mali uliyokwisha kumkabidhi mteja, awe amelipa au hajalipa. Faida ni mauzo hayo ukiondoa gharama za kuyapata. Mtiririko wa fedha hauangalii mali iko wapi wala nani anadaiwa. Unahesabu hela iliyoingia na iliyotoka, na tarehe zake.

Sasa inakuja supamaketi. Inataka makopo mengine 1,500 kila mwezi, bei ileile, na italipa siku 60 baada ya kupokea ankara. Mama anafurahi, anaongeza kijana mmoja na gharama za usafirishaji, jumla milioni 1 kwa mwezi. Ukiniletea vitabu vyake nitaandika hivi: mauzo milioni 15, malighafi milioni 9, gharama nyingine milioni 3, faida milioni 3. Faida imepanda mara tatu, na hesabu hiyo ni sahihi kabisa.

Tuangalie hela. Mwezi wa kwanza zinaingia milioni 7.5 za maduka ya mtaani peke yake. Zinatoka milioni 12, kwa sababu mkulima wa karanga, muuza makopo na wafanyakazi hawasubiri siku 60. Pengo ni milioni 4.5, na akiba inashuka hadi milioni 1.5. Mwezi wa pili ni hivyohivyo, ila sasa akiba haitoshi, na katikati ya mwezi anakwama akihitaji milioni 3 ambazo hana. Vitabu vinasema miezi hiyo miwili ametengeneza faida ya milioni 6. Fedha zinasema amepungukiwa milioni 9. Tofauti ya hizo mbili ni milioni 15, nazo ni ankara mbili zilizolala kwenye ofisi ya malipo ya supamaketi. Hakuna aliyeiba.

Hapo ndipo watu huingia kwenye mikopo ya kausha damu. Riba inakula faida ambayo bado haijageuka hela, na mama anaanza kuamini kwamba supamaketi hailipi, wakati tatizo liko kwenye siku tu. Angevuka miezi hiyo miwili, mwezi wa tatu ankara ya kwanza ingelipwa, na kuanzia hapo angebakiza milioni 3 kila mwezi. Shimo la milioni 9 lingefukiwa mwisho wa mwezi wa tano. Isipokuwa mwezi wa nne akubali supamaketi ya pili kwa masharti yaleyale, hapo anaanza kuchimba upya.

Shimo hilo linaweza kupimwa kabla ya kusaini oda. Chukua gharama zote mpya ambazo oda itakudai kwa mwezi. Hapa ni milioni 5.5, yaani 4.5 za malighafi na 1 ya kijana na usafiri. Zidisha kwa miezi utakayosubiri malipo: miwili, milioni 11. Toa hela ambayo biashara yako ya zamani itakubakizia katika miezi hiyo, milioni 2. Jibu ni milioni 9, na akiba ni 6. Kisha rudia hesabu ukiongeza mwezi mmoja wa kucheleweshwa, maana ankara yenye kosa la namba ya oda hurudishwa na siku huanza kuhesabiwa upya. Ikichelewa hivyo, shimo linafika milioni 13.5.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pa kubonyeza. Supamaketi ikikubali siku 30 badala ya 60, shimo ni milioni 4.5 na akiba inalimudu. Mimi ningempunguzia bei kidogo mnunuzi ili apunguze siku: shilingi 100 kwa kopo ni 150,000 kwa mwezi, na kwa hela hiyo unapata milioni 7.35 mwezi mzima mapema. Linganisha na riba utakayotozwa kabla hujakataa. Njia nyingine ni kuchukua makopo matupu kwa mali kauli, au kuanza na nusu ya oda. Kuipandishia supamaketi bei kunasaidia faida, lakini kwa miezi miwili ya kwanza hakuleti hata shilingi moja.

Kuna mambo mengine yanayotenganisha faida na fedha. Karanga za msimu ukizijaza stoo, hela imetoka yote, ila gharama itaingia kwenye faida kadiri makopo yanavyouzwa. Mashine ya kusagia inalipwa leo, na uchakavu wake unagawanywa kwa miaka. Mkopo wa benki unajaza akaunti bila kuwa mauzo. Marejesho yake yanaikausha akaunti, na ni riba pekee inayopunguza faida.

Kodi ni mtego wa pekee kwa anayekua. Mama huyu sasa anauza milioni 180 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili Kodi ya Ongezeko la Thamani ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo supamaketi ya pili itamvusha. Akishavuka, asilimia 18 ya mauzo ya mwezi hudaiwa na TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama supamaketi italipa ankara hiyo baada ya siku 60. Kodi aliyolipa kwenye manunuzi anaruhusiwa kuitoa, lakini karanga za mkulima hazina kodi hiyo, kwa hiyo cha kutoa ni kidogo. Kodi hiyo iongezwe kwenye hesabu ya shimo, na bei ya 5,000 ijadiliwe mapema kama ina kodi ndani au haina.

Kwa ufuatiliaji, ninawaomba wateja wangu karatasi moja kila Ijumaa: orodha ya wanaodaiwa, kiasi, na siku tangu ankara ilipopokelewa. Safu ya siku ndiyo naisoma kwanza. Mteja wa siku 60 akifika 65 bila maelezo, tunampigia mtu wa malipo kabla ya kumpelekea mzigo mwingine.