Mstari ulioangukia kati ya picha mbili

Juzi mama mmoja wa Kondele, Kisumu, alinionyesha picha mbili za karatasi ya noti za muziki alizopiga kwa simu. Binti yake wa miaka 11 anajifunza wimbo wa kwaya nyumbani. "Mwalimu, nusu ya kwanza anaimba vizuri. Ikifika katikati anaanza kuburura kama mkokoteni wenye mzigo, na harudi tena." Binti mwenyewe alisema anafuata karatasi. Kweli alikuwa akiifuata, na kosa halikuwa lake. Nimemwandikia yeye maelezo haya, na wenzake wote wanaojifunza kwa picha ya simu.

Tuanze juu kushoto. Pameandikwa Andante, na kando yake kuna noti nyeusi yenye mkia, alama ya usawa na namba 76. Andante linatokana na neno la Kiitaliano la kwenda. Ni mwendo wa mtu anayetoka soko la Kibuye kurudi nyumbani bila haraka, ila hajasimama kupiga soga. Wengi huambiwa ni "polepole" na kuishia kulaza wimbo. Namba 76 inasema mapigo 76 kwa dakika moja. Wimbo huu una mapigo manne katika kila chumba, yaani kila nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima, na sentensi moja ya maneno hujaza vyumba vinne. Hayo ni mapigo 16, kama sekunde 12 na nusu. Ukishuka hadi mapigo 50, sentensi ileile inachukua sekunde 19, na mtoto wa miaka 11 anaishiwa pumzi kabla ya neno la mwisho. Ukijikuta unavuta pumzi katikati ya neno, angalia mwendo kwanza kabla ya kulaumu mapafu.

Juu ya maneno ya mwanzo kuna herufi p. Hiyo ni piano, na hapa haihusu kinanda; maana yake ni sauti ya chini. Kinanda ndicho kilichopewa jina kutokana na neno hilo. Karibu mwaka 1700 huko Florence, Bartolomeo Cristofori alitengeneza kinanda kilichoweza kutoa sauti ya chini na ya juu kwa nguvu za kidole, kikaitwa kwa maneno yote mawili, piano na forte. Herufi f ni hiyo forte, sauti kubwa.

Sasa tazama chumba cha 5. Pameandikwa cresc., kifupi cha crescendo, linalotamkwa kreshendo. Hapa ndipo waimbaji wengi hujikwaa, hata wakubwa. Wakiliona tu, wanapaza sauti. Lakini maneno ya Kiitaliano yanayoishia na -ando au -endo husema jambo linaendelea kutendeka. Crescendo ni "inakua", na mtoto anayekua bado hajawa mtu mzima. Katika chumba cha 5 sauti yako ingali ya chini. Cha 6 iongeze kidogo, cha 7 zaidi, na f iliyo kwenye chumba cha 8 ndiyo mahali pa kufika. Ukifika cha 8 ukalazimika kupiga kelele ndipo tofauti isikike, ujue ulimaliza akiba mapema.

Ritardando pia linaishia na -ando: mwendo unazidi kupungua. Kwenye karatasi hii limefupishwa rit. katika chumba cha 15. Haliambatani na namba, kwa hiyo kiasi cha kupunguza huamuliwa na mwongoza kwaya. Neno hili, likitokea katikati ya wimbo, kwa kawaida hufuatwa na a tempo, yaani rudi kwenye mwendo wako wa kwanza. Kwenye picha za binti huyu, a tempo halikuwapo popote. Alipunguza mwendo kama alivyoagizwa, kisha hakuna aliyemwambia arudi.

Jibu lilikuwa kwenye namba ndogo zilizo mwanzoni mwa kila mstari, ambazo huhesabu vyumba. Picha ya kwanza ilikuwa na mistari minne: ya kwanza haina namba, kisha 5, 9, na 13. Picha ya pili ilianza na 21. Kila mstari una vyumba vinne, kwa hiyo mstari wa 17 ulikuwa umeangukia kati ya picha mbili. Maneno ya wimbo yalikuwa yamerukwa pia, lakini yeye alikwishayajua kwa kusikia, na ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Mama alipiga picha upya akiacha mstari mmoja urudiwe katika picha zote mbili. Juu ya noti ya kwanza ya chumba cha 17, kwa herufi za kulala, palikuwa pameandikwa a tempo. Binti akaimba kutoka cha 13, akapunguza, kisha akaondoka tena kwa mwendo wake wa 76.