"Delta yangu ndogo, niko salama": yale ninayoyasikia kila wiki kuhusu opsheni

Jana usiku nimeongea na kaka mmoja yuko Dubai, anatredi opsheni za hisa za Marekani baada ya kazi, na akaniambia sentensi ambayo mwezi huu ni mara ya nne naisikia, kila mara kwa mtu mwingine: "Mi nauza puti za mbali tu, delta 0.12, mzigo wangu mdogo hata soko lianguke." Puti ni haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, yaani straiki, ya mbali ni ile ambayo straiki yake iko chini sana ya bei ya sasa, na delta ni kiasi ambacho bei ya opsheni inasogea hisa ikisogea dola moja. Kazi yangu ni kukagua potifolio za watu na kuwawekea ukomo wa mzigo wa upande mmoja, yaani soko likishuka au likipanda ghafla usiwe umebeba kuliko akaunti yako inavyoweza. Sasa hii kauli ya delta ndogo imenichosha kweli, kwa hiyo leo naiandika yote na zile nyingine nitazipitia haraka.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Mzigo wa delta ni jibu la swali moja, potifolio yako ya opsheni kwa sasa inatembea kama hisa za dola ngapi. Hesabu yenyewe ndiyo hii, na 100 ni idadi ya hisa kwenye mkataba mmoja wa kawaida wa Marekani:

```
mzigo = mikataba x 100 x delta x bei ya hisa
```

Puti uliyonunua ina delta hasi, ukiiuza alama inageuka, unakuwa kama mwenye hisa. Baada ya hapo unajumlisha zote, unalinganisha na akaunti. Hata SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, ilipopitisha kanuni ya 18f-4 mwaka 2020 kuhusu mifuko inayotumia derivativu, iliruhusu opsheni zihesabiwe kwa delta badala ya thamani yake nzima, kwa hiyo kipimo chenyewe hakina shida. Shida ni namna watu wanavyokisoma.

Dhana: delta ni ndogo leo, kwa hiyo mzigo ni mdogo.

Nichukue mfano unaofanana na wa yule kaka, namba nimezizungusha. Akaunti ina dola 60,000. Hisa iko dola 200. Ameuza puti 20 za straiki 180, zimebaki siku 30, delta 0.12 kila moja, amepokea dola 1.15 kwa hisa, jumla dola 2,300. Mzigo wa delta ni 20 x 100 x 0.12 x 200, unapata dola 48,000. Ni chini ya akaunti yake, ukomo aliojiwekea ni mzigo usizidi thamani ya akaunti, kwa hiyo kwenye skrini kila kitu kinaonekana kimekaa vizuri, anafunga kompyuta anaenda kulala.

Siku tano baadaye hisa inatoka 200 hadi 185. Hiyo ni asilimia 7.5, kwa hisa moja moja si ajabu kabisa, habari moja mbaya inatosha. Hapo kuna vitu viwili vinatokea kwa pamoja. Bei imesogea karibu na straiki, na soko limeingia woga kwa hiyo volatiliti iliyomo kwenye bei ya opsheni, yaani mtikisiko wa bei ambao soko linautegemea, imepanda, tuseme kutoka kama asilimia 33 hadi 40. Vyote viwili vinaisukuma delta juu, ile 0.12 sasa ni kama 0.37. Piga tena: 20 x 100 x 0.37 x 185, unapata karibu dola 137,000. Hajaongeza hata mkataba mmoja, hajagusa kitufe chochote, mzigo umetoka mara 0.8 ya akaunti hadi mara 2.3, na umeongezeka wakati ambao yeye angetaka upungue.

Angalia na hasara. Kwa delta ya siku ya kwanza alikuwa kama mtu mwenye hisa 240, kwa hiyo kushuka dola 15 alitegemea kupoteza dola 3,600. Ila puti iliyouzwa kwa 1.15 sasa iko kwenye dola 5.20 hivi, hasara ni kama dola 8,100, zaidi ya mara mbili ya alichotegemea. Hisa ikifika 180, yaani imeshuka asilimia 10 kamili, delta inakuwa karibu 0.47, mzigo ni dola 169,000 na hasara imepita dola 12,000. Hiyo tofauti yote inatoka kwenye gama, kasi ambayo delta yenyewe inabadilika. Mwuza opsheni siku zote yuko upande mbaya wa gama, delta inamkimbia kule kule anakoumia.

Halafu inakuja marjini, dhamana anayodai broka, ambayo watu wanaisahau mpaka broka awakumbushe. Kwa kanuni ya kawaida ya Marekani, puti iliyouzwa bila kinga inadai bei ya opsheni yenyewe, plasi asilimia 20 ya bei ya hisa ukitoa umbali wa straiki, na kuna kiwango cha chini ambacho ni asilimia 10 ya straiki. Siku ya kwanza inadai kama dola 42,300, yeye ana 62,300 ukijumlisha na premiamu, amepumua. Kwenye 185 inadai kama dola 74,400. Hana. Broka anaanza kumfungia pozisheni zake, anazinunua puti hizo kwa bei ya woga, na ndipo hasara ambayo ilikuwa ya kwenye skrini inakuwa ya kweli. Ukiona marjini iliyobaki inapungua kwa kasi kuliko hasara yako, ujue delta inakua chini yako, hiyo ni dalili ya mapema kabisa.

Hapo mtu huwa ananijibu, "Lakini delta 0.12 maana yake nafasi ya kupoteza ni asilimia 12 tu." Hapana jamani. Delta ni makadirio tu ya nafasi ya opsheni kuisha muda ikiwa ndani ya straiki. Nafasi ya bei kuigusa straiki njiani, hata kama baadaye itarudi, ni karibu mara mbili ya hiyo. Na wewe hukai mpaka siku ya mwisho kama marjini imeisha njiani.

Na bei si lazima hata isogee sana. Agosti 5, 2024, VIX, kipimo cha volatiliti ya soko la Marekani, ilipita 65 asubuhi kabla ya soko kufunguliwa, ikafunga kama 38.6, wakati S&P 500 siku hiyo ilishuka asilimia 3 tu. Mtu aliyekuwa na puti za mbali alizouza, delta zake zilivimba zaidi kwa sababu ya volatiliti kabla hata hisa hazijafika karibu na straiki zake.

Sasa ninachowaambia wateja, na hapa sibembelezi: ukomo wa mzigo usiupime kwa delta ya leo, upime kwa delta ya siku mbaya. Programu nyingi za broka zina sehemu ya kusogeza bei na volatiliti uone delta itakavyokuwa. Shusha bei asilimia 10, pandisha volatiliti, soma namba. Kwenye mfano wetu, bei ikiwa 180 mkataba mmoja unabeba 100 x 0.47 x 180, yaani dola 8,460. Ukomo ni 60,000, kwa hiyo mikataba inayoingia ni 7, inafika dola 59,220. Saba, siyo ishirini. Najua premiamu inashuka kutoka 2,300 hadi 805 na ndipo watu wananikasirikia, lakini zile 1,495 zilizopungua alikuwa analipwa ili abebe mzigo asioweza kuubeba. Na andika pembeni namba moja zaidi, straiki mara hisa 100 za mkataba mara mikataba: 20 x 100 x 180 ni dola 360,000, ndiyo pesa atakayotakiwa kutoa kama puti zote zitatekelezwa na alikuwa na 60,000.

Dhana: nimelipa premiamu ya dola 8,000, mzigo wangu ni dola 8,000.

Hii ni ya wanunuzi wa koli, yaani haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa. Koli 10 za hisa ya dola 200, delta 0.50, umelipa dola 8 kwa hisa. Ni kweli huwezi kupoteza zaidi ya 8,000. Ila mzigo wa delta ni 10 x 100 x 0.50 x 200, dola 100,000, unatembea kama hisa 500. Hasara ya juu kabisa na mzigo ni vitu viwili, usitumie kimoja kujibu swali la kingine. Ukiwa na koli za namna hii kwenye hisa tano za teknolojia unadhani umetawanya pesa kidogo kidogo, kumbe umebeba nusu milioni upande mmoja.

Dhana: delta zangu zikijumlishwa ni sifuri, sina upande.

Inategemea umejumlisha nini. Dada mmoja alinionesha skrini, delta +300 kwenye hisa ya dola 20 na -300 kwenye hisa ya dola 400, jumla sifuri, amefurahi. Kwa dola, ya kwanza ni +6,000 na ya pili ni -120,000, kwa hiyo ana mzigo wa dola 114,000 wa kuombea soko lishuke na hakuwa anajua. Delta za hisa tofauti hazijumlishwi kama zilivyo, kwanza zigeuze ziwe dola. Baada ya hapo unaweza kuzipima kwa beta, yaani hisa inavyotembea soko likitembea, dhidi ya SPY, mfuko unaofuata S&P 500, ili hisa yenye papara ihesabike zaidi ya ile iliyotulia, mradi ukumbuke kwamba beta imetokana na bei za nyuma na siku soko linapoanguka hisa nyingi zinaanguka pamoja hata zile ambazo beta yake ilikuwa ndogo.

Dhana: nimenunua puti ya chini kwa hiyo mzigo umeisha.

Hii ni nusu kweli, na mi mwenyewe nawasukuma watu wafanye hivyo, uza 180 nunua 170, usiuze puti tupu. Hasara inafungwa kwenye dola 10 kwa hisa ukitoa premiamu uliyobaki nayo. Lakini spredi inaidanganya delta kwa namna yake. Hisa ikishaanguka hadi 150, delta za miguu yote miwili zinakaribia kulingana, mzigo wa delta kwenye skrini unasomeka karibu sifuri, na mtu anaona ana nafasi ya kuuza spredi nyingine. Ile sifuri maana yake umeshapoteza karibu yote uliyoweza kupoteza hapo. Kwa hiyo kwa spredi naweka ukomo wa pili kando ya ule wa delta, jumla ya hasara za juu za spredi zote isizidi asilimia 20 ya akaunti. Kwa dola 60,000 ni dola 12,000, spredi kama 13 za upana wa dola 10 ukipokea dola 0.80 kwa kila hisa, na hapo nafunga hata kama delta inaonesha bado kuna nafasi.