Mmoja anadeki mara mbili kwa siku, mwingine vyombo vinalala: mnaishije nyumba moja?

Mi ni afisa ustawi wa jamii, kazi yangu ya kila siku ni kukaa na wanandoa waliofika mahali hawasemezani tena. Watu wanadhani kesi zetu zote ni michepuko na pesa. Zipo sana, ila ukikaa na watu ukawaacha waongee saa nzima bila kuwakatisha, unashangaa jinsi mambo yanavyorudi kwenye sinki, kwenye taulo mbichi juu ya kitanda, kwenye TV inayopiga kelele saa 6 usiku. Leo nataka niongelee hayo tu, na nitatumia kesi moja ambayo wenyewe wameniruhusu kuielezea, ila nimebadilisha mambo madogo madogo wasijulikane.

Ni wanandoa wa Temeke, chumba na sebule, watoto wawili. Mume ni mtunza stoo kwenye godauni, mtu wa kuingia kazini saa 1 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, kila kitu kwake kina sehemu yake. Mke anauza nguo za mitumba, anazunguka magulio, anafika nyumbani saa 2 usiku, anapika, wanakula saa 3, saa 4 kashajifia kitandani na TV ameiacha inaongea. Belo la nguo limefunguliwa sebuleni, vyombo viko kwenye karai. Mume alivyofika ofisini kwangu neno lake la kwanza lilikuwa "mke wangu mchafu". Mke akajibu "huyu anajifanya mkaguzi wa afya, mi siyo mfanyakazi wake wa stoo".

Sasa hapo ndo pa kuanzia, hilo neno mchafu. Nilichofanya ni kuwatenganisha, kila mmoja akae peke yake anitajie mambo matatu yanayomkera zaidi nyumbani na ayape namba, 1 ni dogo, 10 ni la kufukuzana. Mume akataja vyombo kulala bila kuoshwa, 9. Belo sebuleni, 8. TV usiku, 6. Mke, nilitegemea atasema kukaripiwa, lakini la kwanza lake lilikuwa sufuria. Kumbe mume kwa kuwa hawezi kuvumilia vyombo vichafu anaamka saa 11 kasoro alfajiri anaviosha mwenyewe, uani, chini ya dirisha la chumba, sufuria zinagongana, mtoto mdogo anaamka analia na mama ndo basi usingizi umekwisha. Akaipa 10. La pili, kuguswa guswa bidhaa zake, 8, kwa sababu akishachambua nguo kwa gredi mume anakuja anazikunja zote pamoja "apate nafasi". La tatu akasema hana.

Umeona? Kero kubwa ya mume na kero kubwa ya mke ni kitu kile kile. Usafi wa mume ndo kelele za mke. Wamegombana mwaka na nusu kila mtu akipigana vita yake, mmoja anasema uchafu mwingine anasema kelele, na wote wanaongelea karai moja la vyombo. Hii naiona mara nyingi sana ndo maana siku hizi sikubali mtu aniletee "tabia", nataka aniletee tukio, saa ngapi, wapi, nani alikuwa amelala.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State kule Marekani waliwahi kulieleza hili vizuri, wakachukua wazo kutoka kwa wadudu kama nyuki. Kwamba kila mtu ana kiwango chake ambacho uchafu ukifika ndo anashtuka. Mmoja anashtuka akiona vikombe viwili, mwingine mpaka vijiko viishe kabatini. Sasa yule anayeshtuka mapema anafanya kazi kabla mwenzake hajaiona hata kama kazi ipo, na akifanya mara kumi inakuwa yake, tena anakuwa fundi wake, na mwenzake hapati hata nafasi ya kufika kwenye kiwango chake cha kushtuka. Mwenye kufanya anajiona anaonewa, asiyefanya anaona "si anapenda mwenyewe". Hakuna anayesema uongo hapo. Kwa hiyo ukimwambia mtu "kwani huoni?" jibu la kweli ni kwamba haoni, bado.

Na kiwango hicho si suala la mwanamke na mwanaume, naomba niliseme hili kwa sababu mashangazi huwa wanalikazania. Huyu mume ndiye msafi. Alisoma bweni miaka sita, kulikuwa na ukaguzi wa vitanda. Mke kakulia kwenye nyumba ya watu kumi na mmoja ambako ukimya maana yake kuna msiba, bila sauti ya kitu hapati usingizi kabisa.

Baada ya hapo natenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya, usafi na mpangilio. Usafi una sakafu yake ambayo haijadiliwi kwa kuwa ni afya. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, kwa hiyo wali wa saa 3 usiku ikifika saa 5 uwe kwenye friji au umeliwa, na kwa joto la Dar usisubiri hata hizo mbili ziishe. Maji ya kwenye madumu na mapipa yafunikwe, na pipa lisuguliwe ndani kila wiki, maana mbu wa dengue anataga kwenye maji masafi ya ndani mwetu na mayai yanang'ang'ania ukutani mwa chombo, ukimwaga maji tu bila kusugua hujafanya kitu. Makombo yasilale wazi, mende na panya wanayafuata. Basi, hayo ndo sakafu. Nguo kukunjwa pembe nne, viatu kupangwa mlangoni, mto kukaa upande gani wa kochi, hayo ni mpangilio, ni ladha ya mtu, na hapo hakuna mwenye haki zaidi ya mwenzake, mnapatana tu kama mnavyopatana chumvi.

Tukarudi kwenye karai. Nikawauliza kila mmoja anieleze "kuosha vyombo" maana yake nini kikishaisha. Mke: vyombo vimeoshwa. Mume: vyombo vimeoshwa, vimefutwa, viko kabatini, jiko limefutwa, taka zimetolewa, karai limegeuzwa. Yaani hata zile siku mke alizoosha, alikuwa anaondoka akijua kamaliza, mume anakuja anaona nusu ya kazi. Ndo maana kila kazi mnayogombania ielezeeni mwisho wake, ikiisha inaonekanaje.

Walichokubaliana mwishoni ni hiki. Usiku hakuna kuosha. Mke akimaliza kula anakung'uta makombo kwenye ndoo ya taka yenye mfuniko, anasuuza vyombo, anavipanga kwenye beseni lenye mfuniko, chakula kilichobaki kinaingia kwenye friji. Nilimwambia apime, ikawa kama dakika 6, kitu ambacho mtu aliyechoka anaweza. Kuosha kwenyewe ni kazi ya mume asubuhi, ila si kabla ya saa 12, na si chini ya dirisha, kule upande wa bomba.

Mume akauliza mbona TV haimwamshi mtoto lakini sufuria inamwamsha, wakati TV ni kelele usiku mzima. Swali zuri. Sauti inayoenda sawasawa, kama feni, wengi wanaizoea, kinachoamsha mtu ni sauti inayoruka ghafla kutoka kwenye ukimya. Hata mwongozo wa WHO wa mwaka 1999 kuhusu kelele uliweka vitu hivi mbali mbali, chumba cha kulala usiku sauti ya mfululizo isizidi desibeli 30, na ya ghafla isipite 45. Kwa kulinganisha, watu wawili wakiongea kawaida ni kama 60, sufuria ikidondoka kwenye zege usiseme. Ila mume naye hakukosea, maana TV siyo feni, tangazo linaingia na sauti juu kuliko kipindi, mtu anaamka. Basi wakaweka `Sleep Timer` dakika 30 na sauti isipite namba 10 kwenye ile TV yao. Mke ana usingizi mzito, ndani ya nusu saa anakuwa keshalala, hajui hata ikizima.

La belo lilikuwa gumu kuliko yote kwa sababu ile ni biashara, ndo ada ya shule. Tukaweka pazia kutoka ukutani mita 1 na nusu. Ndani ya pazia mume haruhusiwi kukunja wala kugusa hata kama pamekuwa jalala, nje ya pazia ikifika saa 3 usiku hakuna nguo.

Walikuja wanataka kuandika mambo 14, nikakataa, haya 3 yanatosha, na nikawapa siku 14 waweke alama kwenye kalenda bila kusemeshana. Waliporudi vyombo vilifaulu usiku 11, TV 12, pazia 5 tu. Hapo ndo wanandoa wengi wanaanza upya "nilikwambia huyu habadiliki". Ila ukiangalia zile siku zilizofeli, zilikuwa zinafuatana kuanzia belo jipya linapofika. Kuchambua belo kunahitaji sakafu nzima, mita 1 na nusu haitoshi hata kwa malaika. Wakakubaliana belo likifika sebule yote ni yake siku mbili, mume na watoto wanakula uani.

Na kulikuwa na kosa lingine ambalo mume hakulisema, mke ndo kalisema. Beseni akishalifunika, mume anafunua, anasuuza upya. Kila nikiona mtu anarudia kazi ya mwenzake najua wiki mbili zijazo mwenzake ataacha. Nilimwambia mzee, kama makombo hayapo, funika ulale.

Sasa siyo kila kesi ya namna hii ni ya makubaliano. Mtu aliyekuwa msafi akaacha ghafla hata kuoga, hapo uliza afya yake kwanza, inawezekana ni sonona, au kajifungua juzi. Mtu anayesugua mikono mpaka inachubuka au hawezi kutoka nyumbani bila kufagia mara tano, huyo anahitaji daktari wa afya ya akili, ratiba haitamsaidia. Na kama kisingizio cha uchafu kinatumika kukupiga, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, usije kwangu kujadili beseni. Mengine yakishindikana kuna Bodi ya Usuluhishi ya Ndoa kwenye kata, ambayo kwa kawaida lazima mpitie kabla mahakama haijapokea talaka.

Hawa wa Temeke wamekuja mara ya tatu mwezi uliopita. Mke sasa ana la tatu la kwenye orodha yake, lile alilosema hana. Ni kandambili za mume za bafuni, anaingia nazo mpaka kwenye kapeti.