Tamasha la filamu si kimbilio la filamu zilizokataliwa

"Filamu ikioneshwa kwenye tamasha, si ina maana imekosa nafasi kwenye majumba ya sinema?"

Hapana. Mara nyingi bado haijafika huko. Mtengenezaji mdogo hana msambazaji, na bila msambazaji majumba ya sinema hayamfahamu. Kwa hiyo hulipa ada na kutuma filamu yake kwa waandaaji, ambao huchagua chache tu. Ikipita, ukumbini hukaa watazamaji wa kawaida, waandishi wa habari na, muhimu zaidi, wanunuzi wa haki za usambazaji.

Mwaka 1999 filamu The Blair Witch Project, isiyo na nyota hata mmoja, ilioneshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani, usiku wa manane. Kampuni ya Artisan iliinunua kwa takriban dola milioni 1.1. Ilipoingia sinema mwaka huohuo, ilikusanya zaidi ya dola milioni 240 duniani.

Bahati hiyo ni ya wachache. Filamu nyingi huondoka bila mnunuzi. Kinachoniuma ni kuona msanii anaiweka kazi yake YouTube kwanza. Matamasha makubwa kama Cannes hutaka filamu ambayo umma haujaiona, hivyo mlango huo hufungwa kabla hajabisha hodi.