Pinki si jibu: kusoma slaidi ya Gram

Wiki hii tena kijana wa mafunzo kaja mbio mezani kwangu: "Dada, imetoka pinki, ni Gramu hasi, niandike?" Hapana, usiandike. Hili nalisikia kila kundi jipya linapoingia, na linaniumiza kwa sababu mgonjwa yuko wodini anasubiri karatasi hiyo.

Rangi ya Gram huwagawa bakteria makundi mawili: zambarau ni Gramu chanya na pinki ni Gramu hasi, pale tu rangi ilipopakwa sawasawa. Kristali vayoleti dakika 1, ayodini ya Lugol dakika 1, asetoni, kisha safranini. Baada ya ayodini bakteria wote ni zambarau, wa aina zote mbili. Anayewatenganisha ni asetoni. Ukuta mnene wa Gramu chanya unakaza na kuing'ang'ania rangi. Ule mwembamba wa Gramu hasi, ngozi yake ya nje ikishayeyushwa, unaiachia, na safranini inajaza pinki. Lakini hata ukuta mnene unaing'ang'ania kwa muda tu. Ukiendelea kumwaga asetoni, nao utaiachia. Kwa hiyo pinki unayoiona inaweza kuwa habari ya bakteria au habari ya mkono wako.

Kijana huyo alikuwa na maji ya uti wa mgongo ya mtu mzima mwenye homa na shingo iliyokakamaa. Chini ya lenzi ya 100 yenye mafuta kulikuwa na seli za usaha tele, na katikati yake viduara viwiliwili vya pinki. Kichwani mwake jibu lilikuwa tayari: meningokokasi, bakteria wa Gramu hasi anayeleta homa ya uti wa mgongo. Nikamuuliza amejuaje kwamba rangi yake ni nzuri. Akanionyesha viini vya seli za usaha: "Ni pinki, dada, kama ulivyotufundisha."

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na nakiri sisi walimu tunalipitia juu juu. Kiini cha seli ya usaha kinapaswa kuwa pinki. Ukikikuta zambarau, asetoni haikutosha, au smia, yaani sampuli uliyoitandaza kwenye slaidi, ni nene mno, na zambarau ya bakteria waliopo hapo haiaminiki. Lakini kikiwa pinki, umethibitisha kwamba asetoni ilitosha. Hujathibitisha kwamba haikuzidi! Kiini ni pinki kwenye slaidi nzuri, na ni pinki vilevile kwenye slaidi iliyooshwa kupita kiasi. Kosa hilo la pili linaonekana kwa bakteria unayemjua: tone la stafilokokasi, ambaye ni Gramu chanya, upande mmoja wa slaidi na tone la E. koli, ambaye ni Gramu hasi, upande wa pili, vipitie mkono uleule. Stafilokokasi akitoka pinki, slaidi nzima itupe. Kijana hakuwa ameweka matone hayo. Nikamuuliza asetoni aliimwaga kwa muda gani. "Mpaka maji yakawa meupe kabisa, kama sekunde 15." Kwa smia nyembamba, sekunde 2 au 3 zinatosha, kisha maji papo hapo.

Tukarudi kwenye lenzi. Nikamwambia asahau rangi kwanza, aangalie umbo. Meningokokasi hukaa kama maharage mawili yanayotazamana kwa upande uliobonyea, na mara nyingi utawakuta ndani ya seli za usaha. Hawa walikuwa warefu kidogo, ncha za nje zimechongoka kama mkuki, wengi wako nje ya seli. Tukasogea pembeni, smia ilikokuwa nene kidogo na asetoni haikupenya sana: jozi tatu, nne, za zambarau. Tukatengeneza smia mpya kutoka kwenye sampuli iliyobaki, na vidhibiti vyake viwili, stafilokokasi na E. koli. Jozi zote za mgonjwa zikatoka zambarau: nimokokasi, ambaye ni Gramu chanya. Kesho yake kwenye agari ya damu yakaota makundi yenye kivuli cha kijani, na yakazuiwa na optokini, dawa inayotumika kumtambua nimokokasi. Angeandika alichokiona mwanzo, watu wa nyumbani kwa mgonjwa wangeanza kumezeshwa dawa za kinga wasizozihitaji.

Kuna slaidi ambazo hata mkono ukiwa sawa zinanitatiza. Mgonjwa aliyekwishachomwa antibayotiki, kuta za bakteria wake zimebomoka, na Gramu chanya wa kweli anatoka pinki. Koloni iliyokaa siku kadhaa hutoa mchanganyiko, mmoja zambarau, jirani yake pinki. Asinetobakta ni Gramu hasi, ila hushikilia zambarau kwa ukaidi na huonekana viduara viwiliwili. Amenidanganya mara mbili. Zikinijia hizo, naandika umbo, mpangilio na kwamba rangi ni mchanganyiko, kisha nampigia daktari kumuuliza dawa ilianza lini.