1.0909 mara mbili: kwa nini bei inageuka ukishaingia tu

Kijana mmoja wa Kamalondo alikuja kwangu, hapa Lubumbashi, simu mkononi, uso umemkunjika. "Yaya, hili soko linaniona. Nikinunua linashuka, nikiuza linapanda." Nikamwomba anionyeshe biashara yake ya asubuhi ile. Alikuwa amenunua euro kwa dola kwa 1.0909. Nikafungua daftari langu: siku hiyohiyo nami nilinunua kwa 1.0909. Yeye ilimkata, mimi ilinilipa. Namba ni ileile, kwa hiyo jibu la swali lake haliko kwenye namba.

Tuifuate asubuhi hiyo. Ilikuwa mwezi wa saba, na wakati huo wa mwaka soko la London hufungua saa 09:00 kwa saa yetu. Usiku kucha bei ilizunguka kati ya 1.0872 na 1.0898, chini kidogo ya 1.0900. London ilipofungua, bei ikaruka. Saa 09:07 mshumaa wa dakika 15, yaani mchoro wa mwendo wa bei ndani ya dakika hizo, ulikuwa mrefu, kijani kitupu, na kijana akaona treni inaondoka. Akanunua loti 0.10, ambayo kila pipsi yake, yaani hatua moja ya tarakimu ya nne baada ya nukta, ni dola 1, akaweka stopu, amri ya kumtoa bei ikienda kinyume, kwenye 1.0894. Bei ikagusa 1.0910 kwenye chati, ikasimama, ikaanza kurudi. Saa 09:15 mshumaa ulifunga 1.0896, umeacha utambi mrefu juu. Dakika chache baadaye stopu yake ikachukuliwa, dola 15 zikaenda.

Nani alikuwa ananunua pale 1.0905 hadi 1.0910? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watu waliouza usiku walikuwa wameficha stopu zao juu kidogo ya kilele cha 1.0898 na juu kidogo ya 1.0900. Stopu ya aliyeuza ni amri ya kununua, na ikiguswa inanunua kwa bei yoyote iliyopo. Basi bei ilipovuka 1.0900, amri hizo ziliwaka moja baada ya nyingine na kuisukuma juu zaidi. Huo mshumaa mrefu uliomvutia kijana ulijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa wanatoka kwa hasara. Hawakuja kununua kwa kuwa wanaiamini euro. Wakishatoka, hawana sababu ya kununua tena.

Upande wa pili alikuwepo muuzaji mwenye mzigo mkubwa. Huyo hawezi kuuza mahali pasipo na wanunuzi wengi, kwa sababu ataiangusha bei yeye mwenyewe. Anasubiri mahali ambapo wanunuzi watakuja kwa haraka na kwa wingi. Sisi tunaoishi na unga wa mahindi unaopita Kasumbalesa tunalijua hili: malori yakizuiwa mpakani, watu wanakimbilia sokoni, na mwenye stoo iliyojaa hufungua mlango wakati huo. Anayenunua gunia la mwisho kwa bei ya juu kabisa ndiye mnunuzi wa mwisho. Nyuma yake hakuna foleni tena.

Jambo hili limechunguzwa. Mchumi wa Marekani, Carol Osler, alipata orodha za amri za wateja wa benki moja kubwa, na mwaka 2003 akachapisha alichokiona. Amri za kuchukua faida zilijazana kwenye namba za mviringo zenyewe, zile zinazoishia na 00. Stopu za kununua zilijazana juu kidogo tu ya namba hizo, na stopu za kuuza chini kidogo. Kwa hiyo bei ikifika kwenye namba kama hiyo mara nyingi hugeuka, lakini ikishaivuka huweza kukimbia haraka. Nasisitiza sehemu hii ya pili, kwa sababu wengi husikia ya kwanza wakakimbilia kuuza kila kilele wakidhani ni mtego. Kuuza 1.0909 kwa sababu tu "imepanda mno" ni kosa lilelile la kijana, limegeuzwa upande. Huko nako unaingia ncha kabla soko halijasema kitu.

Kuna sababu nyingine ndogo, lakini inauma kila siku. Chati ya MetaTrader, programu tunayofanyia biashara, huchorwa kwa bei ya Bid, ile unayopata ukiuza. Ukinunua unalipa Ask, iliyo juu zaidi. Ni kama kambisti wa barabarani: bei anayokuuzia dola siyo anayokununulia. Asubuhi ile tofauti, yaani spredi, ilikuwa pipsi 2, na kijana alianza akiwa chini dola 2 kabla bei haijasogea popote. Anayeuza anapatwa vibaya zaidi, maana stopu yake huguswa na Ask, na chati inaweza kuonyesha kwamba bei haikufika pale. Hapo ndipo mtu anaapa kwamba broka amemwibia. Washa mstari wa Ask kwenye mipangilio ya chati na uutazame London inapofungua, au wakati takwimu za ajira za Marekani zinatoka, utauona unavyotanuka.

Sasa biashara yangu. Baada ya kumkata kijana, bei ilishuka hadi 1.0885, halafu ikapanda taratibu. Mshumaa ulioisha saa 10:45 ulifunga 1.0906. Neno ni kufunga. Kijana aliamua saa 09:07, mshumaa ukiwa umebakiza dakika nane za kuishi, na mshumaa ulio hai haujathibitisha lolote. Hata hivyo sikununua bado. Mshumaa uliofuata ulirudi hadi 1.0901, ukakosa wauzaji wa kuurudisha chini ya 1.0900, ukafunga 1.0908. Hilo ndilo nililokuwa nangoja: stopu za asubuhi zilishateketea saa 09:07, na bado watu walikuwa tayari kununua juu ya 1.0900. Hawa sasa walikuja kwa hiari yao. Nikanunua 1.0909, stopu 1.0897, chini ya mahali bei ilipojaribiwa. Ilifika 1.0933 mchana: pipsi 24 dhidi ya hatari ya 12.

Angalia stopu hizo mbili. Ya kijana ilikuwa 1.0894, namba aliyoipata kwa kuhesabu pipsi 15 kutoka alipoingia. Hapakuwa na kitu chochote pale cha kuizuia bei. Ya kwangu ilikuwa nyuma ya mahali ambapo soko lilikuwa limekwisha kukataa kushuka. Kama bei ingefika 1.0897, wazo langu lingekuwa limekufa kweli.

Kusubiri kuna gharama yake. Siku nyingine bei huvuka na haigeuki kukupa nafasi, nawe unabaki unatazama. Kuikimbilia wakati huo kunakurudisha kwenye ncha. Na hata kiwango kilichothibitishwa huvunjika. Dalili ninayoitazama ni hii: baada ya kuingia, mshumaa wa dakika 15 ukifunga tena chini ya 1.0900, sisubiri 1.0897. Natoka hapo hapo, kwa sababu wanunuzi niliowategemea hawapo tena.